Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nukta, Mkato na Majina ya Namba Kubwa katika Tafsiri ya Takwimu

Majibu haya yamekusanywa kutokana na maswali ambayo wafasiri wa ripoti na majedwali huyarudia. Mifano mingi ni ya kutafsiri kutoka Kifaransa na Kijerumani kwenda Kiswahili, kwa kuwa hapo ndipo nukta na mkato hubadilishana kazi. Namba zote za Kiswahili humu zimeandikwa kwa nukta ya desimali na mkato wa maelfu. Wanaoandikia wasomaji waliozoea mpangilio mwingine waanze na swali la mwisho.

## Misingi

Kwa nini alama ileile ni desimali katika lugha moja na ni maelfu katika nyingine?

Ni mazoea ya uandishi tu, kama yalivyo mazoea ya alama za kunukuu. Namba ambayo kwa Kiswahili huandikwa 1,234,567.89 huandikwa 1.234.567,89 kwa Kijerumani, na 1 234 567,89 kwa Kifaransa. Uswisi, maandishi ya Kijerumani hutenganisha maelfu kwa alama ya ritifaa: 1’234’567.89. Thamani ni moja katika maandishi yote manne, na thamani hiyo ndiyo inayotafsiriwa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mpangilio hufuata nchi pia, si lugha peke yake. Kihispania cha Uhispania hutumia mkato wa desimali, lakini kile cha Meksiko hutumia nukta, sawa na Kiswahili. Kwa hiyo kujua kwamba matini chanzi ni ya Kihispania hakutoshi. Ni lazima kujua iliandikwa wapi na kwa ajili ya nani.

Je, hakuna kanuni moja ya kimataifa?

Ipo, lakini haimalizi tatizo. Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, ambao ndio unaosimamia vipimo vya kimataifa, ulikubali mwaka 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato. Mkutano huohuo ulikumbusha uamuzi wake wa mwaka 1948: tarakimu zinaweza kugawanywa katika makundi ya tatutatu kwa nafasi tupu ili zisomeke kwa urahisi, lakini nukta wala mkato visiwekwe katika nafasi hizo.

Kwa mfasiri, faida ya kanuni hii ni moja tu, nayo ni kubwa. Ukitenganisha maelfu kwa nafasi, alama yoyote itakayobaki ndani ya namba haiwezi kuwa kitu kingine ila desimali. Katika matini za kisayansi ningependelea njia hiyo hata kwa Kiswahili. Katika ripoti za kawaida wasomaji wamezoea mkato wa maelfu, na kuwaondolea mazoea yao kunahitaji sababu.

Nimekuta namba 1.234 katika matini chanzi. Nitajuaje kama ni elfu moja mia mbili thelathini na nne, au ni moja na sehemu yake?

Namba yenye alama moja ikifuatiwa na tarakimu tatu kamili ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu inasomeka sawasawa katika mipangilio yote miwili. Namba nyingine nyingi hujieleza zenyewe. Penye alama za aina mbili, kama 12.345,6, ile ya mwisho ndiyo desimali. Penye alama ileile mara mbili au zaidi, kama 1.234.567, alama hiyo ni ya maelfu, maana namba haina desimali mbili. Penye tarakimu moja, mbili au nne baada ya alama, hiyo ni desimali. Namba inayoanza na sifuri, kama 0,234, nayo ni desimali, kwa sababu hakuna anayeanza kundi la maelfu kwa sifuri. Vilevile, penye tarakimu zaidi ya tatu kabla ya alama, kama 12345,678, alama haiwezi kuwa ya maelfu.

Ile 1.234 iliyobaki haiamuliwi kwa kuitazama yenyewe. Tazama majirani zake katika safu hiyohiyo: ikiwa kuna 1.198 na 0.987, basi safu nzima ni desimali, kwa sababu ya ile sifuri. Kisha jumlisha safu uone kama jumla inalingana na ile iliyochapishwa. Mwisho tafuta mahali katika maelezo ambapo namba hiyo imetajwa kwa maneno au kwa asilimia. Njia hizi tatu zikishindwa zote, muulize mwenye matini. Kubahatisha hapa ni kuchagua kati ya thamani moja na nyingine iliyo kubwa mara elfu.

Je, kila nukta na kila mkato uliopo kati ya tarakimu hubadilishwa?

Hapana. Hubadilishwa kwenye kiasi tu. Namba ya sura au kifungu, kama 3.2, hubaki ilivyo, na kadhalika toleo la programu, tarehe na saa. Mwaka hauwekewi kitenganishi kamwe: 2,024 ni kiasi cha vitu, 2024 ni mwaka.

Kijerumani kina mtego wake hapa. Nukta baada ya tarakimu hufanya namba kuwa ya mpango, hivyo „3. Quartal“ ni robo ya tatu ya mwaka, wala si namba ambayo desimali zake zimepotea.

Orodha nazo zinahitaji jicho. Kifaransa huandika „1,5 ; 2,3 ; 4“ kwa nukta mkato, kwa kuwa mkato wenyewe una kazi nyingine. Kwa Kiswahili orodha hiyo inakuwa „1.5, 2.3 na 4“, na nukta mkato hazina kazi tena.

## Majina ya namba kubwa

„Milliard“ ni bilioni. Je, „billion“ ya Kifaransa au Kijerumani ni nini?

Ni trilioni. Hili ndilo kosa ghali kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu neno linafanana na la Kiswahili huku thamani ikitofautiana mara elfu.

Bilioni ya Kiswahili ni milioni elfu moja, yaani 1 ikifuatiwa na sifuri tisa, na trilioni ni 1 yenye sifuri kumi na mbili. Kifaransa na Kijerumani hutumia mfumo mrefu, ambao jina jipya huja kila baada ya sifuri sita. Baada ya milioni, zile sifuri tisa huitwa „milliard“ kwa Kifaransa na „Milliarde“ kwa Kijerumani. Neno „billion“ husubiri hadi sifuri kumi na mbili, na „trillion“ hadi sifuri kumi na nane. Kwa hiyo „2 Billionen Euro“ ni yuro trilioni 2, na anayeandika yuro bilioni 2 amepunguza kiasi hicho hadi sehemu moja ya elfu.

Kihispania hukwepa tatizo kwa kusema „mil millones“, yaani milioni elfu moja, na „billón“ yake ni trilioni. Kwa Kiswahili usiandike „milioni elfu“. Inaeleweka, lakini inamlazimisha msomaji kuhesabu jambo ambalo lina jina. Andika bilioni.

Kireno kimegawanyika. Ureno hufuata mfumo mrefu, ilhali Brazili „bilhão“ ni bilioni ileile ya Kiswahili. Hata tahajia hutofautiana, kwani Ureno huandika „bilião“, na tofauti hiyo ndogo ndiyo ishara ya kwanza ya kutafuta.

Nikiona neno la aina ya „milliard“, je, nina hakika kwamba lugha hiyo hutumia mfumo mrefu?

Huna hakika. Kirusi na Kituruki vyote vina neno la namna hiyo kwa sifuri tisa, lakini neno linalofuata ni la aina ya „trilioni“, nalo lina sifuri kumi na mbili, kama la Kiswahili. Huo ni mfumo mfupi ambao umebadilishiwa jina moja tu. Anayetafsiri kutoka lugha hizo kwa kukumbuka Kijerumani atakuza trilioni mara milioni.

Je, matini za zamani zina tofauti?

Zina tofauti, hasa za Kiingereza cha Uingereza na za Kifaransa. Serikali ya Uingereza ilianza rasmi kutumia bilioni ya sifuri tisa mwaka 1974. Kabla ya hapo, neno hilo katika maandishi ya Kiingereza ya nchi hiyo liliweza kumaanisha sifuri kumi na mbili. Ufaransa ilithibitisha mfumo mrefu kwa amri ya serikali ya mwaka 1961, na kabla yake „billion“ ilitumika pia kwa sifuri tisa. Ukitafsiri takwimu za kale, weka tarehe ya kuchapishwa mbele yako kabla ya kuamua, na linganisha na namba iliyoandikwa kwa tarakimu mahali popote katika kitabu hichohicho.

Je, nitumie „laki“ katika matini rasmi?

Laki ni 100,000, na ni neno la Kiswahili sanifu ambalo asili yake ni Bara Hindi. Huko wanaendelea kupanga tarakimu kwa kulifuata: 1,00,000 ni laki moja, na 1,00,00,000, ambayo huitwa „crore“, ni milioni kumi. Ukikutana na mikato iliyokaa hivyo, si kosa la chapa. Baada ya tarakimu tatu za mwisho, makundi ni ya mbilimbili.

Katika maelezo ya maneno, laki ni fupi na haina utata: „laki tatu na nusu“ ni 350,000, wala hakuna atakayeisoma vingine. Katika jedwali, hata hivyo, kichwa cha safu kisiseme „kwa laki“, kwa sababu wasomaji wa takwimu hutarajia maelfu na mamilioni. Tena, laki haiungani vizuri na desimali. „Laki 3.47“ ni mzigo, na 347,000 haina shida yoyote.

„Elfu mia mbili na hamsini“ ni 250,000 au 200,050?

Wote wawili, anayesikia 250,000 na anayesikia 200,050, wana haki, na ndiyo sababu usiiandike. Kiswahili huweka elfu mbele ya idadi yake, hivyo kinachokuja baada ya „na“ kinaweza kuwa sehemu ya idadi ya maelfu au nyongeza nje ya maelfu. Kwa namba ndogo mazoea hutuokoa: „elfu kumi na tano“ husikika kama 15,000. Kadiri namba inavyokua, mazoea hayo hulegea.

Katika takwimu, andika tarakimu. Ikibidi kutumia maneno, badili mpangilio: „laki mbili na elfu hamsini“, au „mia mbili na hamsini elfu“. Kwa 200,050 andika „laki mbili na hamsini“.

Mpangilio wa maneno una upande wa pili. Kifaransa huweka jina la ukubwa baada ya tarakimu, kama „3,4 millions“, na Kiswahili huliweka kabla: milioni 3.4. Mfasiri anayefanya kazi haraka hujikuta ameandika „3.4 milioni“, ambayo haimpotoshi mtu lakini inaonyesha wazi kwamba matini imetafsiriwa neno kwa neno.

## Majedwali na faili

Naomba mfano mmoja kamili, kuanzia jedwali la chanzo hadi tafsiri.

Tuchukue jedwali la kutunga la Kifaransa. Kichwa chake kinasema „en milliers de tonnes“, yaani maelfu ya tani. Lina safu mlalo tatu na jumla:

| | Kiasi | Sehemu |
|---|---|---|
| A | 1 204,5 | 54,0 % |
| B | 986,0 | 44,2 % |
| C | 38,125 | 1,7 % |
| Jumla | 2 228,6 | 100,0 % |

Chini yake kuna sentensi inayosema jumla ni „environ 2,2 milliards de kilogrammes“.

Hatua ya kwanza ni kutambua mpangilio. Nafasi ndani ya 1 204,5 inatenganisha maelfu, na mkato wenye tarakimu moja baada yake ni desimali. Namba ya kutilia shaka ni moja: 38,125. Ukiipeleka kwenye Kiswahili bila kuigusa, inageuka kuwa elfu thelathini na nane mia moja ishirini na tano, na wala haionekani kuwa na kasoro, kwa kuwa mkato uko pale hasa ambapo Kiswahili hupenda uwe. Wakaguzi huipita kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya pili ni kujumlisha. 1,204.5 ukijumlisha na 986.0 na 38.125 unapata 2,228.625, ambayo kwa nafasi moja ya desimali ni 2,228.6. Jedwali limekubali. Kama C ingekuwa 38,125 ya Kiswahili, jumla ingekuwa 40,315.5. Asilimia nazo zinaunga mkono: C ni asilimia 1.7 ya jumla, yaani sehemu ndogo kabisa, si safu inayomeza nyingine zote.

Hatua ya tatu ni kuoanisha jedwali na maelezo. Maelfu 2,228.6 ya tani ni tani 2,228,600, na kila tani ina kilo 1,000, hivyo tunapata kilo 2,228,600,000. Hiyo ni bilioni 2.2 kwa kukadiria, na „milliards“ imethibitishwa bila kufungua kamusi.

Tafsiri basi inakuwa hivi:

| Maelfu ya tani | Kiasi | Asilimia |
|---|---|---|
| A | 1,204.5 | 54.0 |
| B | 986.0 | 44.2 |
| C | 38.125 | 1.7 |
| Jumla | 2,228.6 | 100.0 |

Sentensi nayo inakuwa: „jumla ni takriban kilo bilioni 2.2“.

Kuna mambo mawili ya kuongeza. Asilimia tatu za juu zikijumlishwa zinatoa 99.9, si 100.0. Hilo ni tokeo la kukadiria kila safu peke yake, na mfasiri hana ruhusa ya kuigeuza 1.7 kuwa 1.8 ili hesabu ipendeze. La pili ni la kuchekesha kidogo: maelfu 38.125 ya tani ni tani 38,125. Kwa hiyo mtu aliyesahau kubadili mkato na pia akasahau kutafsiri kichwa cha „maelfu“ ataandika thamani sahihi ya C kwa makosa mawili yanayofutana, huku safu nyingine zote zikiwa zimeharibika. Ukikagua safu moja tu, usichague ile.

Je, ninaweza kubadili alama zote kwa amri ya kutafuta na kubadilisha?

Unaweza, ukizingatia mpangilio wa hatua. Ukiligeuza jedwali la Kijerumani kwa kubadili kwanza kila nukta kuwa mkato, 1.204,5 inakuwa 1,204,5. Kuanzia hapo hakuna tena njia ya kujua mkato upi ulikuwa desimali. Tumia alama ya muda ambayo haimo katika faili, kwa mfano `@`: badili mkato kuwa `@`, kisha nukta kuwa mkato, kisha `@` kuwa nukta.

Amri hiyo ipite kwenye seli za kiasi tu. Ikipita kwenye waraka mzima, itaharibu sentensi, tarehe na namba za vifungu, kama ilivyoelezwa katika swali la alama zisizobadilishwa. Itaharibu pia alama za takwimu zilizokosekana, ambazo zinajibiwa hapa chini.

Nikifungua faili la CSV kwenye lahajedwali, namba nyingine zinabadilika. Kwa nini?

Kwa sababu lahajedwali husoma kwa mpangilio wa kompyuta yako, si wa aliyelitengeneza faili. Kompyuta iliyopangwa kwa nukta ya desimali ikikutana na 38,125 huisoma bila malalamiko kuwa maelfu. Ikikutana na 1.204,5 hushindwa na kuiacha kama maandishi. Kwa bahati nzuri hilo la pili linaonekana: maandishi hukaa upande wa kushoto wa seli na namba upande wa kulia. Safu yenye namba zilizotawanyika pande zote mbili tayari imesomwa vibaya, na si zile za kushoto tu zinazohitaji kurekebishwa. Zile za kulia ndizo zilizodanganya.

Dalili nyingine ni tarehe zisizotarajiwa. Kompyuta ya mpangilio wa Kijerumani inaweza kuigeuza 12.5 kuwa tarehe 12 Mei.

Usirekebishe seli mojamoja. Funga faili bila kuhifadhi, kisha liingize upya ukitaja mpangilio wake. Seli iliyo katika hali ya maandishi inaweza kusomwa hivi:

```
=NUMBERVALUE("1.204,5", ",", ".")
```

Kwa anayetumia Python, faili la Kifaransa husomwa hivi:

```
pd.read_csv("data.csv", sep=";", decimal=",", thousands="\u202f", engine="python")
```

Hiyo `\u202f` ni nafasi nyembamba isiyokatika, ambayo mifumo ya kisasa huitumia kwa maelfu ya Kifaransa. Mafaili ya zamani zaidi huwa na `\u00a0`. Kwa macho hazitofautiani na nafasi ya kawaida, kwa hiyo ikiwa namba zimekataa kusomwa, chunguza herufi yenyewe kwanza. Pia mafaili ya nchi za mkato wa desimali hutenganisha safu kwa nukta mkato, ndiyo maana ya `sep=";"`.

Nimenakili jedwali kutoka PDF na nimepata „12 345 678 901“. Ni namba moja au mbili?

Inaweza kuwa namba moja iliyozidi bilioni 12, au namba mbili za safu mbili zilizokaribiana: 12 345 na 678 901. Rudi kwenye ukurasa wenyewe na uhesabu vichwa vya safu. Usijaribu kuamua kwa maandishi uliyonakili, kwa sababu pengo la safu na nafasi ya maelfu vimeshakuwa kitu kimoja.

Seli moja ina nukta peke yake. Je, ni namba iliyofutika?

Katika majedwali rasmi ya Kijerumani, nukta peke yake ina maana: thamani haijulikani au imefichwa kwa ajili ya usiri. Kistari ni tofauti. Kinasema kwamba hakuna kitu kabisa. Sifuri ni jambo la tatu: kipo kitu, lakini ni chini ya nusu ya kipimo kidogo kinachoonyeshwa. Nukta tatu husema takwimu itatolewa baadaye.

Anayetafsiri jedwali bila kutafsiri ufunguo wake humwachia msomaji alama nne zisizo na maana. Mbaya zaidi ni kujaza sifuri penye nukta, kwa sababu jambo lililofichwa linageuka kuwa jambo lisilokuwepo. Weka ufunguo chini ya jedwali kwa Kiswahili, kisha alama zibaki zilivyo.

## Visa vya pembeni

Je, ninaweza kuondoa sifuri ya mwisho, au kuandika namba kamili badala ya „bilioni 1.2“?

Vyote viwili hubadilisha usahihi unaodaiwa. 986.0 inasema kipimo kilichukuliwa hadi sehemu ya kumi, na 986 haisemi hivyo. Kinyume chake, ukigeuza „1,2 milliard“ kuwa 1,200,000,000, unaonekana kudai hesabu ya kila kimoja, wakati chanzo kilikadiria hadi karibu na milioni mia moja. Andika bilioni 1.2 na ubakize idadi ya nafasi za desimali uliyoikuta.

Katika ukalimani, kwa nini desimali za Kifaransa hunichanganya?

Kwa sababu Kifaransa husoma desimali kama kundi, na Kiswahili huzisoma tarakimu moja moja. 38,125 husomwa „trente-huit virgule cent vingt-cinq“, yaani sikio linapokea „mia moja ishirini na tano“. Mkalimani akiyapitisha maneno hayo, msikilizaji anaweza kuyaunganisha na jina la ukubwa linalofuata. Sema „thelathini na nane nukta moja mbili tano“.

Vilevile „trois virgule zéro cinq“ ni tatu nukta sifuri tano. Ile sifuri hutamkwa haraka, na ikipotea, 3.05 inakuwa 3.5. Wakalimani wengi huandika namba kwenye karatasi wanaposikia, na kwa desimali hilo si ziada, ni sehemu ya kazi.

Nimegundua kwamba jumla iliyochapishwa katika chanzo si sahihi. Nisahihishe?

Usisahihishe kimyakimya. Kwanza hakikisha kwamba tofauti haitokani na kukadiria, kama ile ya 99.9 katika mfano uliotangulia. Tofauti ya tarakimu ya mwisho kwa kawaida si kosa. Ikiwa jumla imepotoka mara kumi au mara elfu, huenda alama imewekwa vibaya katika chanzo chenyewe, jambo linalotokea hasa pale ambapo jedwali la Kifaransa lenyewe lilitokana na takwimu za Kiingereza. Mwandikie mwenye matini ukimtajia ukurasa, safu na namba mbili: iliyochapishwa na uliyoipata. Akichelewa kujibu, tafsiri iliyochapishwa na uweke tanbihi ya mfasiri.

Wasomaji wangu ni wa Kongo. Je, nao wanatumia nukta ya desimali?

Wengi wao walisoma hesabu kwa Kifaransa, na mkato ndio desimali yao. Mpangilio wa kompyuta wa Kiswahili cha Kongo, `sw-CD`, nao una mkato wa desimali na nukta ya maelfu, kinyume cha `sw-KE` na `sw-TZ`. Matini moja ya Kiswahili inayokwenda pande zote mbili ina hatari ileile tuliyoiona kwa 38,125, safari hii ndani ya lugha moja.

Kwa matini ya Kongo peke yake, fuata mpangilio wao. Kwa matini ya pamoja, tenganisha maelfu kwa nafasi isiyokatika, chagua alama moja ya desimali, na uiseme chini ya jedwali la kwanza: „Nukta katika namba ni alama ya desimali.“ Kwa upande wa majina, mara ya kwanza unapotaja bilioni andika pia „milioni elfu moja“ kando yake, ingawa hapo juu imeshauriwa vingine, kwa sababu msomaji aliyezoea „milliard“ anaweza kuisikia bilioni kama ile ya sifuri kumi na mbili.